Maji yasiyofika goti yanavyobeba gari

*"Nina Probox, nazunguka minada ya vijijini kuuza mitumba. Njiani kuna korongo lenye drifti ya zege. Mvua ikinyesha maji yanapita juu ya zege, lakini mara nyingi hayafiki goti. Nikiona Fuso limepita, na mimi huwa navuka. Mke wangu anasema siku moja nitasombwa. Naomba kueleweshwa: gari la tani moja na mzigo ndani linawezaje kubebwa na maji ya chini ya goti? Na kama gari ni hatari, si bora nishuke nivuke kwa miguu?"*

Ndugu yangu, mkeo yuko sahihi, na nitakuonyesha kwa gari lako lenyewe. Kazi yangu ni usanifu wa barabara na vivuko vya maji, na swali lako ndilo ninaloulizwa zaidi na madereva kila masika. Wengi wanadhani maji huchukua gari kwa kulisukuma tu, kwamba gari zito litasimama na jepesi litaondoka. Kumbe kabla ya kulisukuma, maji huwa yameshaliondolea uzito.

Tuanze na uzito huo. Probox tupu ina kama kilo 1,100. Weka marobota manne ya mitumba ya kilo 45 kila moja, ni kilo 180. Wewe na kijana wako wa kusaidia mna kama kilo 140. Jumla kilo 1,420. Tumbo la gari hilo, ukilipakia, liko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Maji yakiwa chini ya hapo yanagusa magurudumu tu na gari linabaki na uzito wake wote. Yakishafika kwenye tumbo, mambo yanabadilika, kwa sababu sakafu na milango imezibwa kwa mipira na chumba cha abiria kimejaa hewa. Debe tupu ukilikandamiza kwenye pipa la maji linakurudisha mkono juu, na gari lako linafanya vivyo hivyo.

Sehemu ya sakafu iliyozibwa, kwa gari la ukubwa wa Probox, ina kama mita 5 za mraba. Kwa hiyo kila sentimita moja ya maji juu ya tumbo inasukuma nje lita 50 za maji, na inainua gari kwa nguvu ya kilo 50. Kwa hesabu hiyo marobota yako yote manne yanafutwa na maji yasiyofika sentimita nne. Mzigo unaouona mkubwa ukiupakia asubuhi hauna maana yoyote mle kwenye korongo.

Sasa tuseme maji juu ya zege yana kina cha sentimita 30. Goti la mtu mzima liko karibu sentimita 45 hadi 50, kwa hiyo haya ni maji ambayo wewe ungeyaita madogo. Kutoka kwenye tumbo la gari kwenda juu kuna sentimita 15 za maji, na zinainua kilo 750. Matairi yako, badala ya kukandamiza zege kwa kilo 1,420, sasa yanakandamiza kwa kilo 670 tu. Na zege lenyewe lina tope laini juu, maana maji ya korongo hayaji bila tope. Tairi kwenye zege la namna hiyo linashika kwa kama theluthi ya uzito unaolikandamiza, pengine chini ya hapo. Uwezo wa gari lako kukataa kusogezwa pembeni unakuwa kama kilo 200.

Upande wa pili kuna msukumo. Unapovuka drifti unaupa mto ubavu wa gari, si pua. Ubavu wa Probox una urefu wa zaidi ya mita 4. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo korongo lenye mteremko kidogo linaifikia bila shida, kina hicho cha sentimita 30 kinasukuma ubavu na magurudumu kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Unaona tulipofika. Mto na matairi vinavutana sawa kwa sawa, na bado hatujahesabu kipande cha gogo kitakachogonga mlango wala wimbi dogo litakaloongeza sentimita chache.

Ongeza sentimita 10 tu. Maji yawe sentimita 40, bado chini ya goti. Yanainua kilo 1,250, na kinachobaki kwenye matairi ni kilo 170. Mshiko unakuwa kama kilo 50, wakati msukumo umepanda hadi karibu kilo 290. Hapo hata ungekuwa dereva hodari namna gani huna la kufanya, kwa sababu usukani na breki vinafanya kazi kupitia matairi, na matairi hayagusi kitu cha maana. Hizi ni hesabu za kukadiria, gari na gari hutofautiana, lakini hazidanganyi kuhusu jambo lenyewe: kati ya "nimevuka salama" na "nimesombwa" kuna upana wa kiganja cha mkono. Na kutoka kwenye kiti cha dereva, ukitazama maji ya rangi ya udongo, hakuna mtu anayeweza kutofautisha sentimita 30 na 40.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliyapima haya mwaka 2016 kwa magari halisi ndani ya maji. Toyota Yaris yenye uzito wa kama tani moja ilianza kusogezwa na maji ya kina cha sentimita 15 tu yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde, na kwenye sentimita 60 ilikuwa inaelea kabisa. Kisha wakaweka Nissan Patrol ya tani 2.5. Ilianza kuyumba kwenye sentimita 45, na kwenye sentimita 95 iliinuka na kuelea, ikawa inasukumwa kwa mikono. Nawatajia hili hasa wenye magari marefu ya kazi, maana wao ndio wanaojiamini zaidi na ndio wanaoingia kwenye maji makubwa zaidi.

Kuna jambo moja la drifti ambalo madereva wengi hawalijui kwa sababu kiangazi halionekani vizuri. Maji yanapopita juu ya zege na kuanguka upande wa chini, yanachimba. Mwaka hadi mwaka yanatengeneza shimo pale ukingoni, na shimo hilo linaweza kuwa na kina cha mita mbili au zaidi wakati juu ya zege maji hayafiki goti. Wanavijiji wanalijua, ndipo watoto wanapoogelea mvua zikikatika. Drifti nyingi za barabara za vijijini zina upana wa mita 4 au 5, na gari lako lina upana wa mita 1.7. Maana yake ni kwamba maji hayahitaji kukubeba mbali. Yakikusogeza mita moja na nusu tu, gurudumu la nyuma linashuka ukingoni, gari linalala ubavu, na ghafla uko kwenye kina kinachokufunika. Siku moja kiangazi simama pale, shuka upande wa chini uangalie mwenyewe.

Kuhusu Fuso. Fuso likipita linakuambia habari za Fuso, si za Probox. Lori lina tani kadhaa hata likiwa tupu, matairi yake ni makubwa, na chini ya bodi kuna fremu iliyo wazi ambayo maji yanapita katikati yake. Hakuna chumba cha hewa karibu na maji. Kina kilekile ambacho kwake ni robo tatu ya tairi, kwako ni gari kuelea. Tena linapopita linaacha mawimbi nyuma yake, na ukilifuata kwa karibu unaingia kwenye maji yaliyopanda kwa muda huo. Na hata kama wewe mwenyewe ungekuwa na lori, dakika tano zilizopita si sasa. Maji ya korongo hayapandi polepole kama ya ziwa. Mvua inaweza kuwa imenyesha kilomita 20 juu, kwenye vilima, huku ulipo kuna jua, na maji yake yakafika kama ukuta mdogo unaosukuma matawi na povu mbele.

Ndiyo maana tukio la mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui nchini Kenya, huwa nalitaja kila nikizungumza na madereva wa mabasi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililojaa wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye kivuko kilichofunikwa na maji. Watu walikuwa ukingoni wakitazama, na wengine walipiga picha za video ambazo baadaye zilisambaa kila mahali. Ukiziangalia huoni basi likipeperushwa. Unaona basi likienda taratibu, likasimama katikati, likaanza kuinama upande mmoja, kisha likalala na kuzama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa basi kubwa, mchana kweupe, na barabara inafahamika. Ubavu mrefu wa basi ulikuwa unapokea nguvu ya mto wote, na liliposimama halikuwa na pa kwenda ila upande wa chini.

Kusimama katikati ni kawaida kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake mara nyingi ni injini. Njia ya hewa ya injini ya Probox iko mbele, chini kidogo ya usawa wa boneti. Dereva akiogopa huwa anaongeza mafuta ili apite haraka, na gari linapoingia kwa kasi linainua wimbi mbele ya bampa. Maji yanavutwa na njia ya hewa, yanaingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, pistoni inagonga kitu kigumu. Konrodi inapinda na injini inakamata papo hapo. Kwa hiyo ule ushauri wa "usiachie mafuta, kanyaga upite" ndio unaowaacha watu wengi katikati ya mto na gari lililokufa.

Sasa miguu. Nakuomba usiichukue kama njia mbadala. Mwili wako hauelei kama gari ukiwa umesimama ndani ya sentimita 40, lakini una miguu miwili myembamba na uzito wa kilo 70, na kinachokuangusha ni kasi. Nguvu ya maji haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Maji ya kina cha nusu mita, yaani usawa wa goti, yakienda mita 1 kwa sekunde yanasukuma miguu yako kwa kama kilo 8. Unayasikia lakini unasimama. Yakienda mita 2 kwa sekunde ni kama kilo 33, na hapo kila unapoinua mguu mmoja kupiga hatua, mwingine peke yake unabeba msukumo huo juu ya zege lenye utelezi. Ndiyo sababu Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwaambia wananchi wake kwamba sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Ukishaanguka si kina cha goti tena, maana sasa mwili mzima uko mbele ya maji.

Wahandisi wa Australia wana kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji chombo: zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde. Kwa mtoto, jibu likizidi 0.4 maji hayo yana uwezo wa kumwangusha. Kwa mtu mzima mwenye afya, ikizidi 0.6 hatari imeanza, na ikizidi 0.8 imekuwa kubwa. Kwa gari dogo ni 0.3 tu, na maji yasizidi sentimita 30 hata kama yametulia kabisa. Umeona, gari dogo liko hatarini kabla ya mtu anayetembea, na bado watu hukimbilia ndani ya gari wakidhani wako kwenye ngome.

Kasi unaipima kwa kijiti. Tafuta sehemu ya ukingo iliyonyooka, hesabu hatua kumi ndefu, tupa kijiti majini na uhesabu sekunde hadi kifike mwisho wa hatua hizo. Hatua kumi ndefu ni karibu mita 9. Kikichukua sekunde 9 ni mita 1 kwa sekunde. Kikichukua sekunde nne au tano ni kama mita 2, na kwa kasi hiyo Probox inafikia kikomo chake cha 0.3 kwenye maji ya sentimita 15, yanayogusa tumbo la gari tu. Ukishindwa kuhesabu, tembea ukingoni sambamba na kijiti. Kama kinakuacha ukitembea haraka, funga mjadala. Tahadhari moja: kijiti kinakupa kasi peke yake. Kina hukioni, wala hujui kama zege bado lipo. Mwanzoni mwa Machi 2020 daraja la Kiyegeya kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma lilikatika kwa mvua, na magari yakakwama pande zote mbili. Ikiwa barabara kuu ya lami yenye usimamizi inaweza kukatika, drifti ya kijijini iliyofunikwa na maji ya tope huwezi kuidhamini kwa macho. Usiku ni mbaya zaidi, kwa sababu taa za gari zinaakisiwa na maji, na shimo linaonekana kama barabara.

Mijini kuna hatari nyingine kwa mtembea kwa miguu. Pale Jangwani, Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likijaa, maji yanaweza kuwa ya kifundo cha mguu barabarani na futi kadhaa mahali mtaro ulipo, na juu vyote vina rangi moja. Mifuniko ya chemba huinuliwa na maji yanayotoka chini, na nyaya za umeme huanguka. Wapo vijana wanaovusha watu kwa malipo, na siwalaumu, wanatafuta riziki, lakini mgongo wa kijana hauoni mtaro ulipo kama wewe usivyouona. Mtoto usimpe mtu yeyote amvushe.

Kwa hiyo ufanye nini ukifika pale na maji yamefunika zege? Simamisha gari mbali na ukingo, mahali pa juu, lielekee ulikotoka. Usiegeshe ndani ya korongo lenyewe hata kama upande wako ni mkavu. Chomeka kijiti kwenye mstari ambapo maji yanagusa ardhi, subiri dakika kumi. Kama maji yamekipita, yanapanda, na hapo hakuna swali. Kama yameshuka, endelea kusubiri. Habari njema kuhusu makorongo madogo ni kwamba yanavyojaa haraka ndivyo yanavyopungua haraka, mara nyingi ndani ya saa chache baada ya mvua ya juu kukatika. Mnada unaoukosa ni hasara ya siku moja, na unaweza kuupunguza kwa kuwa na namba ya mtu anayeishi upande wa pili wa korongo. Mpigie kabla hujaondoka, umuulize mambo mawili: vilimani kumenyesha, na maji yamefunika zege? Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wako, siku hiyo chagua mnada usio na korongo njiani.

Wenzetu wa Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, wamefika mbali zaidi. Huko korongo huitwa wadi, na kuvuka wadi iliyojaa kwa gari ni kosa la kisheria linaloweza kumpeleka dereva jela. Mtu akikuambia hiyo ni sheria kali, muulize amewahi kuona wadi inashuka milimani.

Maji yakishashuka na zege likaonekana lote, bado shuka uangalie kwanza kama kingo hazijaliwa na hakuna nyufa mpya. Halafu vuka taratibu, gia ya kwanza, madirisha yakiwa wazi.

Nimesema madirisha kwa sababu inanilazimu kukueleza pia gari likishanaswa. Watu hufa wakihangaika na mlango. Maji yakiwa nje yamepanda sentimita 50 juu ya kizingiti cha mlango, yanaukandamiza kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, na hakuna bega litakalousukuma. Dirisha ndilo njia, na dakika ya kwanza ndiyo ya kulitumia, kabla maji hayajafika kwenye mfumo wa umeme wa vioo. Usianze kupiga simu. Fungua mikanda, shusha vioo, toa watoto kwanza, kisha nawe utoke na kupanda juu ya paa. Kioo kikigoma, kioo cha mbele usikisumbue, kimetengenezwa kwa tabaka mbili na hakivunjiki kwa kupigwa. Piga cha pembeni, kwenye kona ya chini, kwa kitu chenye ncha ngumu. Nyundo ndogo ya kuvunjia kioo inauzwa madukani, na mahali pake ni kando ya kiti cha dereva, si kwenye buti chini ya marobota.

Kama gari limekwama na halisogei, kaa juu ya paa mpaka usaidiwe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu mbele kuelekea yanakokwenda, vidole vya miguu vikiwa juu ya maji, na utumie mikono kujisogeza pembeni kuelekea ukingo. Usijaribu kusimama kwenye maji yaendayo kasi. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi na hutainuka tena. Kuna hali moja ya kubadilisha mkao huo: ukiona mbele kuna mti ulioanguka au uzio ambao maji yanapita katikati yake, geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu zako zote, ukifika ujirushe juu yake. Ukiingia chini, matawi yatakushika.

Na ukiwa wewe ndiye uliye ukingoni unamwona mtu majini, mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa vizuri, tairi, au mnyooshee mti mrefu. Usijifunge kamba kiunoni na kuingia kumfuata. Kamba ikikaza wakati maji yanakusukuma, inakuvuta chini, na wanaokuvuta kwa nia njema wanazidi kukuzamisha.

Kitu cha mwisho kinahusu drifti yenu. Zungumza na mwenyekiti wa kijiji pamoja na madereva wenzako wa minada, mchange saruji na nondo, mkasimamishe nguzo mbili kwenye ukingo wa zege wakati wa kiangazi, moja kila mwanzo wa kivuko. Pimeni kutoka sehemu ya chini kabisa ya zege, siyo pale nguzo iliposimama, kwa sababu drifti ina mbonyeo katikati na kina kikubwa kiko huko. Pigeni mstari wa njano kwenye usawa wa sentimita 10 na mwekundu kuanzia sentimita 15 kwenda juu. Nguzo iwe nene, iingie ardhini angalau nusu ya urefu wake, na iwe upande ambao maji yanatokea, ili gari linapovuka lisiizibe kwa dereva anayesubiri nyuma.